"Tunakipata Wapi?": Dakika Moja ya Video kwa Mwandishi Mwenye Kitabu Kipya

Mwalimu mmoja mstaafu, aliyetoa riwaya yake ya kwanza baada ya kuikalia kwa miaka mingi, alinipa simu yake nitazame video aliyoirekodi kuitangaza. Tulikuwa barazani kwake, jua limeshahamia upande wa pili wa nyumba. Video ilikuwa na dakika nne na ushei. Watu walikuwa wameitazama, tena si haba, na chini yake maoni yalikuwa yamepangana: "Hongera sana mwalimu wetu." "Tunakipata wapi?" "Bei gani?" "Mikoani mnatuma?" "Jamani, tunakipata wapi?"

"Mwanangu," akaniambia, "linki si nimeiweka hapo chini? Mbona hawaioni?"

Waliiona. Hata mimi niliiona. Niliigusa kwa kidole mara mbili, mara tatu, haikufunguka. Katika mtandao ule, anwani ikiandikwa kwenye maelezo ya video haibonyezeki, inabaki maandishi tu. Aliyetaka kitabu angelazimika kuinakili herufi kwa herufi mahali pengine, na mtu aliyesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, hawezi kufanya hivyo hata akiwa na hamu kiasi gani.

Nikairudia video tangu mwanzo. Karibu nusu dakika ya kwanza ilikwenda kwenye salamu. Dakika mbili zilizofuata mwalimu alieleza dhamira za riwaya yake, kama alivyokuwa akiwaeleza wanafunzi wa kidato cha nne. Kusoma, hakusoma hata sentensi moja. Hilo ndilo lililonisikitisha zaidi, kwa sababu mwalimu anaandika vizuri mno, na hakuna aliyetazama video ile aliyepata nafasi ya kulijua hilo.

Tangu siku hiyo nimekaa na waandishi kadhaa kuandaa skripti za namna hii, na nimezoea kuanzia mwisho. Kwanza tunaulizana mtazamaji atagusa wapi ili anunue. Pili, tunatafuta kifungu gani cha kitabu kitamfanya atake kugusa. Yakishapatikana hayo mawili, skripti imekwisha kuandikika. Salamu, wasifu wa mwandishi, shukrani kwa familia na maelezo ya dhamira vyote vina mahali pake, lakini si ndani ya dakika hii.

Nasema dakika moja kwa sababu ya namna watu wanavyopashana mambo huku kwetu. Video nzuri ya kitabu haiishi kwenye ukurasa wa mwandishi peke yake. Inahamia kwenye stetasi za WhatsApp za rafiki zake, dada zake, wanafunzi wake wa zamani. Kwa miaka mingi stetasi ilipokea video ya sekunde 30 tu, na mwaka 2024 muda huo ukaongezwa hadi dakika moja. Mitandao mingine inaruhusu ndefu zaidi, lakini ukitengeneza ya sekunde 60 hakuna atakayelazimika kuikata ili aisambaze.

Sasa, dakika moja ni maneno mangapi? Hapa waandishi wengi hupotoshwa na miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza, inayosema soma maneno kama 150 kwa dakika. Ukiyaweka maneno 150 ya Kiswahili kwenye dakika moja utasikika kama mtangazaji wa mpira mshambuliaji akiwa ndani ya boksi. Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja. Neno "hakumwandikia" lina silabi sita, na ndani yake mna mtendaji, mtendewa, wakati na ukanushi. Mimi nikisoma kwa utulivu nafika kama maneno 105 kwa dakika. Wewe chukua saa ya simu, soma ukurasa wa kitabu chako kwa sauti ya kumsomea mtu aliyekaa mbele yako, simama dakika ikitimia, uhesabu. Idadi utakayoipata ndiyo bajeti yako, na skripti nzima haina budi kuingia humo.

Ili tuone kazi yenyewe, na nisianike kitabu cha mtu, nimetunga mfano. Tuseme kuna riwaya mpya inayoitwa Bitana. Ni habari ya mwanamke fundi cherehani mjini Tanga, na inasimuliwa naye mwenyewe. Mwandishi wake anataka kuitangaza, na skripti yake ya kwanza inaanza hivi:

"Habari zenu ndugu watazamaji wapendwa, natumaini nyote hamjambo na mnaendelea vyema na majukumu ya kila siku. Leo nina furaha kubwa kuwaletea kitabu changu kipya kinachozungumzia mapenzi, usaliti, siri za familia na maadili ya jamii yetu."

Zimekwisha sekunde ishirini. Mtazamaji hajasikia lolote ambalo hajalisikia kwenye tangazo la kitabu kingine. "Mapenzi, usaliti, siri za familia" ni maneno yanayoweza kubandikwa kwenye nusu ya riwaya zilizopo dukani. Bitana ina kitu ambacho riwaya nyingine haina, nacho kimo ndani ya kurasa zake. Basi tukakitafute huko.

Kuchagua kifungu ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na mwandishi mwenyewe mara nyingi si mchaguzi mzuri. Atataka kusoma ukurasa wa kwanza kwa kuwa ndio mwanzo, au ile aya aliyoifanyia kazi zaidi, yenye maelezo ya machweo juu ya bahari. Mimi hutafuta mahali penye mambo matatu kwa pamoja. Pawe na mtu anayefanya jambo kwa mikono yake, ili msikilizaji aone picha bila kuelezwa. Pasihitaji utangulizi: kama ni lazima kwanza ueleze nani ni shangazi wa nani, kifungu hicho kiache. Na pawe na swali linalofunguka pale kifungu kinapokomea, swali ambalo jibu lake liko ukurasa unaofuata. Sharti langu jingine ni kwamba kifungu kitoke theluthi ya kwanza ya kitabu. Ukichukua cha mbele zaidi utafichua mambo ambayo mnunuzi alistahili kuyafikia mwenyewe.

Katika Bitana mahali hapo ni sura ya pili. Kwenye kitabu tukio lina urefu wa ukurasa mzima. Kwa ajili ya video tumeondoa maelezo ya duka, ya mvua na ya jirani anayepita, bila kubadili neno katika sentensi zilizobaki. Mwandishi anaruhusiwa kuruka anaposoma kwa sauti. Asichoruhusiwa, kwa maoni yangu, ni kuandika upya, kwa sababu atakayenunua atakitafuta kifungu kile na atataka kukikuta kama alivyokisikia. Kilichobaki ni hiki:

"Koti lilikuwa la mgeni, na mgeni alitaka kitu kimoja tu: mikono ipunguzwe. Nikafumua bitana kwa wembe. Ndani, kati ya kitambaa na kitambaa, palikuwa na karatasi iliyoshonwa kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo, mishono ya mtu asiyetaka ionekane. Nikaigeuza. Juu yake paliandikwa jina langu. Sikushtuka kwa jina. Nilishtuka kwa mwandiko. Mkono ule ndio uliokuwa ukitia saini madaftari yangu ya shule, hadi mwaka ule tulipomzika baba. Nje, mgeni akabisha hodi."

Hayo ni maneno 68, kama sekunde 39 kwa mwendo wangu. Tazama kinavyokomea. Tungeweza kuishia kwenye "tulipomzika baba", na pangekuwa na swali moja: barua inasema nini? Tumeongeza sentensi moja fupi, na swali la pili limeingia: huyu mgeni ni nani, na je, anajua alichokileta? Tungeongeza nyingine tena, mlango ufunguliwe na mgeni aonekane, swali la pili lingejibiwa na hamu ingepungua. Mahali pa kukata hutofautiana kwa sentensi moja tu, na njia pekee ninayoiamini ni kumsomea mtu asiyekijua kitabu, unyamaze, usikilize neno lake la kwanza. Akiuliza "ikawaje?" umekata panapostahili. Akisema "nzuri" na kunyamaza, rudi ukatafute upya.

Skripti nzima sasa inakuwa hivi. Mwandishi ameketi karibu na dirisha, kitabu mkononi, na video inaanza na sauti yake ikisoma "Koti lilikuwa la mgeni". Hakuna salamu. Juu ya skrini maandishi madogo yanataja jina lake na jina la riwaya, kwa hiyo hana haja ya kujitambulisha kwa mdomo. Anasoma hadi "akabisha hodi". Anafunga kitabu, ananyamaza sekunde mbili akitazama kamera. Kisha anasema:

"Hiyo ni Bitana, riwaya yangu mpya. Ni habari ya fundi cherehani wa Tanga na barua aliyoikuta ndani ya koti la mtu asiyemjua. Bei ni shilingi 15,000. Gusa linki iliyo hapo chini, niandikie uko mji gani, nami nitakutumia."

Basi. Ukijumlisha kusoma, kimya na maneno ya mwisho, dakika moja imetimia. Wapo watakaoona ni utovu wa adabu kuanza bila salamu. Nimelifikiria sana hilo, maana salamu kwetu si jambo la kuchezea. Lakini msimulizi wa hadithi hupewa ruhusa ambayo mgeni wa kawaida hana. Akianza kusimulia, wasikilizaji wamekwisha kukaa. Shukrani na salamu ziandikwe kwenye maelezo ya chini ya video, huko kuna nafasi ya kutosha.

Bei nimeitaja makusudi. Waandishi wengi huogopa kuitaja, wakidhani itawafukuza watu. Katika video ya mwalimu swali la bei lilikuwa miongoni mwa yaliyojirudia zaidi, na kila aliyeuliza alilazimika kusubiri jibu lililochelewa saa kadhaa, wakati hamu yake imekwisha kuhamia kwingine.

Tukija kwenye usomaji, jitayarishe kwa kalamu. Chapa kifungu kwa herufi kubwa kwenye karatasi, uibandike ndani ya kitabu kilichofunguliwa, ili ukiwa umekishika usawa wa kifua usilazimike kuinamisha kichwa na kukaza macho. Weka mkwaju mmoja mahali pa kuvuta pumzi na mikwaju miwili mahali pa kunyamaza kidogo. Katika mfano wetu mikwaju miwili inakaa baada ya "wembe", baada ya "jina langu", baada ya "mwandiko", na baada ya "baba".

Kuna kosa moja la usomaji ambalo nalisikia karibu kila mara, nalo linatokana na lugha yenyewe. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi ya mwisho kabisa huwa nyepesi, na msomaji mwenye wasiwasi huimeza. Uso kwa uso hilo halisumbui, maana tunamwona mdomo. Kwenye spika ndogo ya simu silabi hiyo inapotea kabisa, na "mwandiko" unasikika kama neno lililokatwa. Ubaya ni kwamba katika kifungu kizuri maneno mazito hukaa mwishoni mwa sentensi: jina langu, mwandiko, baba, hodi. Yakimezwa hayo, umemeza kifungu chenyewe. Dawa si kupaza sauti. Ifikishe pumzi hadi mwisho wa sentensi, ulitamke neno la mwisho kwa utulivu uleule wa neno la kwanza, na usikimbilie sentensi inayofuata. Rekodi sauti peke yake, isikilize kwenye simu ya bei nafuu bila spika za masikioni, uandike kila unachosikia. Pale utakapokosa neno, na watazamaji watalikosa.

Kurekodi kwenyewe hakuhitaji maelezo marefu. Simu isimame wima kwenye stendi, umbali wa mkono mmoja, dirisha likiwa mbele yako, kwa sababu likiwa nyuma uso unakuwa kivuli. Zima feni. Chumba chenye kitanda, mapazia na nguo nyingi kina sauti tulivu kuliko sebule tupu yenye vigae. Ukiwa na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, itumie, lakini ukaribu wa simu na ukimya wa chumba vina manufaa makubwa zaidi ya kifaa. Muziki mimi siuweki. Sauti ya mwandishi akisoma inatosha, tena wimbo uliotiwa bila idhini ya mwenyewe unaweza kusababisha video inyamazishwe au iondolewe. Na kama una mkataba na mchapishaji, muulize kabla ya kurekodi. Mara nyingi atafurahi, lakini haki za kusambaza vipande vya kitabu zinaweza kuwa mikononi mwake.

Maandishi ya chini ni ya lazima, maana wengi hutazama video sauti ikiwa imezimwa. Yaandike mwenyewe. Yale yanayojiandika yenyewe bado hukosea maneno mengi ya Kiswahili, hasa majina ya watu na mahali. Yasizidi mistari miwili kwa wakati mmoja, na yasikae chini kabisa ya skrini, ambako hufunikwa na jina la akaunti na vitufe vya mtandao. La muhimu kuliko yote, yasitangulie sauti. Nimewahi kuona kifungu kizuri kikiharibika kwa sababu sentensi ya mshtuko ilitokea kwenye skrini sekunde nzima kabla msomaji hajaifikia. Hapa kwetu, "Sikushtuka kwa jina" itokee peke yake, iondoke, ndipo ije "Nilishtuka kwa mwandiko".

Sasa linki, iliyomwangusha mwalimu. Kila mtandao una desturi yake, na desturi hizo hubadilika, kwa hiyo kabla ya kurekodi jaribu kwa kidole chako. Kwenye WhatsApp, iwe stetasi, kundi au ujumbe, anwani ikiandikwa chini ya video inabonyezeka. Kwenye Facebook pia inabonyezeka. Kwenye Instagram maelezo ya chini ya video hayana linki hai. Linki huwekwa kwenye wasifu, ile sehemu watu wanayoiita bayo, au kama kibandiko kwenye stori. TikTok nayo haifungui anwani iliyoandikwa kwenye maelezo, na akaunti changa ya kawaida huenda isipewe nafasi ya linki kwenye wasifu hadi ifikishe wafuasi wapatao 1,000. YouTube iliondoa linki zinazobonyezeka kwenye maelezo na maoni ya video fupi kuanzia tarehe 31 Agosti 2023.

Maana yake ni kwamba sentensi ya mwisho ya skripti haiwezi kuwa ileile kila mahali. "Gusa linki iliyo hapo chini" ni kweli kwenye WhatsApp na uongo kwenye Instagram. Hivyo tunarekodi sentensi hiyo mara tatu mwandishi akiwa kwenye kiti kilekile na nguo zilezile: "Gusa linki iliyo hapo chini", "Linki iko kwenye wasifu wangu, gusa jina langu uione", na ya tatu kwa ajili ya mahali pasipo na linki kabisa, ambapo anasema "Niandikie neno Bitana kwenye maoni, nitakujibu", kisha anajibu kweli. Ni kazi ya dakika tano, na inaokoa kilio kile cha "tunakipata wapi".

Na linki yenyewe iende wapi? Kama kitabu kiko kwenye duka lenye tovuti inayopokea malipo ya simu, iende moja kwa moja kwenye ukurasa wa kitabu hicho, si ukurasa wa mbele wa duka. Lakini waandishi wengi ninaowajua huuza wenyewe, na kwao njia nyepesi kuliko zote ni linki inayofungua mazungumzo ya WhatsApp, ujumbe ukiwa umeshaandikwa, mnunuzi amalizie tu mji wake. Inaandikwa hivi:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Naomba%20Bitana.%20Niko%20mji%20wa:%20
```

Mahali pa zile X weka namba yako. Kosa linalojirudia ni kuacha sifuri ya mwanzo: namba ya 07 inapogeuzwa kuwa ya 255, sifuri inaondoka, wala alama ya kujumlisha haiwekwi. Ukiiacha sifuri, WhatsApp itasema namba hiyo haipo, na mnunuzi atadhani wewe ni tapeli. Ile %20 ni nafasi kati ya neno na neno. Tumia namba ya biashara, si ile ya nyumbani, kwa sababu video ikishasambaa huwezi tena kuirudisha namba iliyomo.

Kuna mbinu ndogo niliyoipenda sana baada ya kuifahamu. Ujumbe ule uliokwisha kuandikwa unaweza kutofautiana kidogo kwa kila mtandao. Kwenye stetasi uandike "Naomba Bitana", kwenye Instagram "Naomba kitabu Bitana", kwenye Facebook "Naomba nakala ya Bitana". Mnunuzi haoni tofauti, lakini wewe unajua kila ujumbe umetoka wapi, na baada ya wiki mbili utajua jitihada zako uziweke wapi.

Ujumbe ukiingia, jibu liwe limeandaliwa: bei, nauli ya kutuma kwa basi hadi mji wake, namba ya kulipia, na jina litakalotokea kwenye simu yake anapolipa. Hilo la jina halipuuziki. Mnunuzi anapoingiza Lipa Namba huonyeshwa jina lililosajiliwa kabla hajaweka namba ya siri, na akikuta jina la duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yako, ataacha hapo hapo. Kwa ndugu zetu walioko Maskati au Minnesota njia hii haifai, kwa hiyo wao watengenezewe linki nyingine ya nakala ya kidijitali au ya mchapishaji, kwenye nakala nyingine ya video. Linki mbili ndani ya video moja humfanya mtu asiguse yoyote.

Video ikishatoka, mitandao mingi humwonyesha mwenye akaunti mchoro wa watazamaji walivyoendelea kubaki au kuondoka. Usome kama daktari anavyosoma vipimo. Mstari ukianguka ndani ya sekunde tatu za kwanza, tatizo ni sentensi ya kuanzia. Jaribu kuanza na "Nikafumua bitana kwa wembe". Ukianguka katikati ya kusoma, kifungu ni kirefu au kuna sentensi ya maelezo iliyobaki. Ukifika hadi mwisho bila kuanguka sana na bado hakuna ujumbe unaoingia, usilaumu riwaya. Nenda kwenye linki, uifungue kwa simu ya mtu mwingine, mtandao mwingine, bila kuingia kwenye akaunti yako. Mara nyingi utakuta imekufa.

Na mwalimu? Tulirudi barazani wiki iliyofuata. Alichagua kifungu yeye mwenyewe, nikakikataa, akachagua cha pili, nikamwomba amsomee mjukuu wake aliyekuwa akiosha vyombo uani. Binti aliacha kuosha. Alisimama na sufuria mkononi, akauliza, "Babu, halafu yule mama alirudi?" Tukarekodi hicho, chumbani, mapazia yamefungwa nusu, kwa mara ya sita ndipo silabi za mwisho zote zikasikika. Linki tuliijaribu kwa simu ya binti, halafu kwa simu ya jirani mwenye kibanda cha chipsi.

Jioni hiyo nilikuwa bado sijaaga simu ya mwalimu ilipolia. Ujumbe ulikuwa na maneno yale tuliyoyaandaa, na mwishoni mtu ameongeza neno moja: Sumbawanga. Mwalimu alivaa miwani, akaenda kutafuta bahasha ya kaki.